Risiti mbili za mchele na maharage: jirani ananidai elfu tano. Hesabu ya mwanangu iko sawa?

MamaLishe_Mafiati

Habari za jioni wana jukwaa. Nina mgahawa mdogo huku Mafiati, Mbeya, na nina ugomvi na jirani yangu ulioletwa na vikaratasi viwili. Naomba mnisaidie kabla haujafika kwa balozi.

Mahitaji ya jikoni huwa namtuma mtoto wa dada yangu akanunue duka la jumla kule Mwanjelwa. Mwenye duka anaandika risiti kwa mkono. Anataja kilo, chini anaweka jumla, bei ya kila kitu haandiki. Jumatatu ilikuwa mchele kilo 10 na maharage kilo 4, jumla sh. 40,800. Jumatano mchele kilo 12 na maharage kilo 5, jumla sh. 49,400. Maharage ya Jumatano yalikuwa ya jirani, aliniomba nimchanganyie kwenye safari. Kijana akaniambia kilo ni 3,200, nikamwambia jirani alete 16,000, akaleta.

Jana mwanangu wa kidato cha kwanza kaziona zile risiti, akasema mama, hii ni simalteniasi tupu, tumefundishwa. Kilo ya mchele akaiita m, ya maharage akaiita h:

```
10m + 4h = 40,800
12m + 5h = 49,400
```

Akapata m ni 3,200 na h ni 2,200. Akarudisha majibu kwenye risiti zote mbili, zikakubali bila kubaki hata shilingi. Na jirani alikuwa amekaa hapo hapo anachambua mboga! Akapiga zake: 2,200 mara 5 ni 11,000, kwa hiyo nimemla elfu tano.

Kijana anashikilia 3,200. Mwenye duka nimempigia, anasema bei ya leo anaijua, ya Jumatano haikumbuki. Halafu kuna kitu kidogo: Jumatano nilimpa kijana 50,000 akanirudishia 400. Kwa risiti ilitakiwa 600. Hiyo mia mbili sikuiuliza.

Nimrudishie jirani hela yake?

Mtoto wa Ipinda

Mama, 3,200 kwa kilo ya mchele unaibiwa mchana kweupe. Njoo Kyela, nakupimia mchele mpya wenye harufu, ukichukua gunia tunaongea vizuri. Namba nakupa pembeni.

MamaLishe_Mafiati

Ndaga kaka, lakini sijauliza mchele unauzwa wapi.

Chenji_Kamili

Mlipe jirani. Vitu viwili visivyojulikana, risiti mbili, jibu ni moja tu, na mwanao amehakiki. Hesabu haina undugu. Nimerudia mwenyewe kwa kutoa risiti kwenye risiti: kilo 2 za mchele na kilo 1 ya maharage ni 8,600. Weka 3,200 na 2,200, inakaa. Huyo kijana mbane vizuri.

FundiMbao_Mafinga

Hiyo ya "risiti mbili jibu moja" si kweli kila mara. Mimi nilijaribu kwa saruji na misumari. Risiti ya kwanza saruji mifuko 10 na misumari kilo 4, sh. 186,000. Ya pili saruji mifuko 20 na misumari kilo 8, sh. 372,000. Nikaizidisha ya kwanza mara mbili, nikatoa, nikabaki na sifuri ni sawa na sifuri. Nikadhani nimekosea, nikarudia mpaka chai ikapoa. Kumbe ile risiti ya pili ni ya kwanza iliyoandikwa mara mbili, hainiambii kitu kipya. Mpaka leo bei ya kilo ya msumari siijui.

Ila kwa mama hapa si hivyo, 10 na 4 si sawa na 12 na 5. Kwa hiyo kwake jibu lipo.

Chenji_Kamili

Ndicho nilichosema.

ChakiNyeupe

Fundi umekaribia sana ukaishia mlangoni. Hizo risiti za mama si pacha, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Jumatatu, kwa kila kilo moja ya maharage kuna mchele kilo mbili na nusu. Jumatano, kwa kila kilo moja ya maharage kuna mchele kilo mbili na pointi nne. Ni kikapu kile kile kimeongezwa kidogo.

Mama, mwambie kijana wako wa kidato cha kwanza kwamba mahesabu yake hayana kosa, halafu mfanye jambo hili pamoja. Ili mchele ufutike, mlinganyo wa kwanza unazidishwa kwa 12 na wa pili kwa 10:

```
120m + 48h = 489,600
120m + 50h = 494,000
        2h = 4,400
```

Tazama kilichobaki: kilo 2 tu za maharage. Kutoka kilo zote mlizonunua, bei ya maharage imeachwa isimame juu ya tofauti ya kilo 2. Sasa tuseme ile jumla ya Jumatano ina kosa la sh. 200, kwa kujumlisha vibaya au kwa kupunguziwa. Kwenye kuzidisha kwa 10, hiyo 200 imekuwa 2,000, na inagawiwa kwa kilo 2. Kila kilo inabeba 1,000. Kosa la mia mbili kwenye karatasi, kosa la elfu moja kwenye bei.

Jaribu kuweka 49,600 mahali pa 49,400. Utapata 2h ni 6,400, maharage 3,200, na mchele unashuka hadi 2,800. Ni bei ile ile anayoitaja kijana.

Chenji_Kamili

Mwalimu, unabadilisha risiti ili ikubali jibu unalolitaka. Na kuhakiki je? Jibu la mtoto limekubali kwenye risiti zote mbili.

ChakiNyeupe

Litakubali tu. Ukitafuta bei kutoka risiti mbili kisha ukazirudisha kwenye risiti hizo hizo, unajihakikishia kwamba hukukosea kuzidisha na kutoa. Risiti ikiwa na kosa, bei zako zitakubaliana na hilo kosa kwa uaminifu kabisa. Shahidi anatakiwa kuwa risiti ya tatu, ambayo haikutumika kutafuta jibu.

Na sijasema 49,400 ni kosa. Nasema risiti hizi mbili haziwezi kukuamulia kama maharage ni 2,200 au 3,200, maana umbali kati ya majibu hayo ni sarafu moja ya mia mbili.

Mama, safari ijayo geuza kikapu. Mtume kijana mchele kidogo na maharage mengi, mathalani kilo 3 na kilo 10, duka lile lile, mapema kabla bei hazijasogea. Tuletee jumla tu.

SokoniSoweto

Mimi nauza maharage, mnaniruhusu? Mnasema "maharage" kama vile ni kitu kimoja. Njano ina bei yake, mekundu yana bei yake, na mchanganyiko una bei yake. Kama Jumatatu alichukua njano na Jumatano akachukua mengine, hiyo h yenu ni watu wawili wamevaa koti moja. Hapo vitu visivyojulikana ni vitatu, risiti ni mbili, mtahesabu mpaka Krismasi.

ChakiNyeupe

Hoja nzito kuliko yangu. Mama, yalikuwa yale yale?

MamaLishe_Mafiati

Ya kwangu Jumatatu yalikuwa njano, nina hakika, niliyapika mwenyewe. Ya Jumatano yalipitiliza na kiroba chake kwenda kwa jirani, sikuyafungua. Kijana anasema njano. Kesho Jumamosi namtuma tena, kilo 3 na kilo 10, njano zote, na mwanangu atakwenda naye.

Mtoto wa Ipinda

Kilo 3 za mchele kwa mgahawa! Mama utafunga biashara kwa ajili ya herufi mbili.

MamaLishe_Mafiati

Wamerudi. Mchele kilo 3, maharage njano kilo 10, jumla sh. 40,400. Bei ya kila kitu tena hakuandika, na mwanangu hakutaka kumuuliza, anasema "mama tutaikokotoa". Watoto hawa. Kaichukua hii pamoja na ya Jumatatu:

```
30m + 12h  = 122,400
30m + 100h = 404,000
       88h = 281,600
```

Maharage 3,200. Mchele 2,800. Kwa bei hizo kilo 12 na kilo 5 za Jumatano zilitakiwa kuwa 49,600, na si 49,400.

Chenji_Kamili

Sawa, nimekaa kimya. Lakini swali: majibu ya kwanza nayo yalikuwa namba nzima nzuri. Kwa nini tuziamini hizi na zile tuzikatae?

ChakiNyeupe

Swali zuri, na ndilo lililowapoteza nyumbani kwa mama. Mara ya kwanza mlikuwa mnagawa kwa 2. Ukizidisha jumla zinazoishia na mia kwa 10 na 12, kisha ukagawa kwa 2, utapata namba nzima hata kama risiti imeandikwa na mlevi. Namba nzima pale ilikuwa ya bure. Safari hii mmegawa kwa 88. Kama jumla ya Jumamosi ingekuwa imekosewa kwa mia mbili, kuwa 40,200, mngepata maharage 3,177 na vipande vya senti, na hakuna muuzaji Mwanjelwa anayepanga bei ya namna hiyo. Kama maharage yangepanda shilingi mia tangu Jumatatu, jibu lingekuwa 3,313 na vipande. Kupata 3,200 kamili kwa bahati tu kungekuwa kazi.

Halafu angalieni ukubwa wa kosa. Mia mbili ile ile ambayo mwanzo iliyumbisha maharage kwa shilingi 1,000, hapa inayumbisha kwa shilingi 23 hivi. Hata risiti ikiwa na kasoro ndogo, bado ungejua bei iko karibu na wapi.

FundiMbao_Mafinga

Kwa hiyo mimi nilitakiwa kununua misumari mingi na saruji kidogo. Nyumba nzima ya misumari.

SokoniSoweto

Au uulize bei, fundi.

MamaLishe_Mafiati

Jirani nimemwonyesha. Hesabu ya 88 hajaifuata, ila amekubali kwamba risiti ya Jumamosi ni ya maharage kwa wingi na imetoa 3,200. Elfu tano ameiacha. Sasa anadai mia mbili. Anasema kama duka lilipunguza, punguzo lilikuwa kwenye maharage yake.

ChakiNyeupe

Hapo mama kuna njia mbili. Inawezekana mwenye duka alijumlisha vibaya akaandika 49,400, lakini akapokea 49,600. Basi chenji ni 400, na kijana alikurudishia sawasawa. Au alipunguza mia mbili kweli, akapokea 49,400, chenji ikawa 600, na 200 ikabaki njiani. Milinganyo yote mitatu inakubaliana na hadithi zote mbili.

Chenji_Kamili

Na ile ya njano na mekundu bado ipo. Jumatano kiroba hakikufunguliwa.

MamaLishe_Mafiati

Kiroba kilifunguliwa, jirani keshapika. Kasema yalikuwa njano "kidogo na mengine mengine". Nimemuuliza kijana kuhusu mia mbili, anasema alinunua karanga, halafu baadaye anasema hapana, karanga zilikuwa za Jumatatu. Jirani nimempa mia mbili yake.