Yule mwenyekiti wa jopo KAFUTA alama yangu kwa ufutio, mbele ya macho yangu!

Wakuu, natoka kusaili watu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Kiwanda cha minofu, hapa hapa Mwanza, nafasi ya msimamizi wa chumba cha baridi. Mtu mwenyewe mnamjua, simtaji.

Swali la nne liliulizwa sawasawa kwa kila msailiwa: eleza siku uliyopokea mzigo wa samaki wenye joto kupita kiasi. Alama 1 ni aliyesubiri bosi. 3 ni aliyepima na kuongeza barafu. 5 ni aliyepima, akautenga mzigo, akaandika kwenye daftari, akabadilisha kitu ili yasijirudie. Binti wa Sengerema kayasema yote manne! Ninayo kwenye karatasi, neno kwa neno. Nikampa 5, mwenzangu 4, mwenyekiti 2.

Eti "hajiamini huyu, haangalii mtu usoni, tusawazishe." Akachukua ufutio. UFUTIO! Akaifuta 5 yangu kwa nguvu nikadhani anafuta na meza. Wote tukawa 3. Binti akashuka toka 60 hadi 58 kati ya 75, kazi kapewa mwenye 59. Kwenye maelezo ya alama kujiamini hakumo popote!

Chapakazi: Mtu mzima unalilia ufutio? Kalamu hamkuwa nayo?

Mama Igoma: Kauliza la maana huyo. Ufutio ulikuja mwisho, mwanangu. Mliharibikiwa pale mlipotajiana alama. Swali likiisha kila mtu ajaze peke yake, kwa wino, katibu azipokee, ndipo mzungumze. Anayebadilisha akate mstari mmoja, asaini, aandike ni maneno gani ya msailiwa yaliyombadilisha. Hapo angeandika nini? Macho?

Nyakato Juu: Rahisi tu, toeni alama ya juu na ya chini, upendeleo unaisha.

Mama Igoma: Jopo la watu watatu, baba. Ukitoa mbili anabaki mmoja anaamua. Sana sana mngepiga wastani wa zile za mwanzo. Ila mleta uzi, maelezo ya hiyo 5 mliyatoa wapi? Mkiyatunga ofisini mnapima mnavyofikiria ninyi.

Mleta uzi: Wasimamizi wa zamu ndio waliotusimulia, waliookoa mzigo na walioozesha. 2 na 4 ni za walio katikati. Sasa binti kayasema yote manne, 2 inatoka wapi? Na bado KACHUKUA UFUTIO!

Chapakazi: Hata 4 ya mwenzako mbona hulalamiki? Yote manne si 5?

Dada wa Magu: Mimi niliulizwa kama nina mchumba. Hilo nalo lina alama ngapi? Na nauli ya kwenda na kurudi hawakunipa.

Nyakato Juu: Nauli ndiyo ingefunguliwa uzi. Mimi walinikalisha toka asubuhi bila hata maji.

Chapakazi: Wewe ulipewa kiti? Sisi tulisimama getini juani.