Natafuta urefu wa nondo kwenye tao la mlango: upana sm 240, kimo sm 40

FundiMoro
Wakuu, habari za leo. Nina kazi ya grili ya juu ya mlango, ile sehemu ya tao. Upana wa chini kutoka kona hadi kona ni sentimita 240, na katikati tao limepanda sentimita 40 kutoka kwenye mstari wa kona. Mteja anataka nondo za wima kila baada ya sentimita 10, zisimame juu ya fremu na ziguse tao kabisa, bila kujaziwa nafasi kwa kuchomelea.

Ile ya katikati najua ni 40. Zinazonisumbua ni za pembeni. Nipeni mfano mmoja tu, tuseme nondo iliyo sentimita 50 kutoka katikati, nyingine nitaendelea mwenyewe. Karakana yangu ni uwanja wa udongo, na sina mbao pana ya kuchorea.

Kamba na Msumari
Fundi, unajitesa bure. Mimi ni seremala, matao nimeyafanya mengi. Piga msumari, funga kamba, zungusha chaki sakafuni, kisha pima kila nondo kwenye mchoro. Hesabu za nini?

FundiMoro
Kaka, kamba iwe na urefu gani? Hapo ndipo nilipokwama. Na sakafu ndiyo hiyo sina.

Kamba na Msumari
Unasogeza msumari mpaka kamba ipite kona zote mbili na kilele. Inachukua muda kidogo, ila inakubali.

Mwl. Ngazi Saba
Msumari wa kubahatisha hauhitajiki. Vipimo viwili alivyotoa vinatosha kupata urefu wa kamba.

Fundi, fikiria tao lako ni kipande cha duara kubwa ambalo sehemu yake ya chini huioni. Ule mstari wa kona hadi kona unakatiza duara. Sasa chora mstari mwingine wa wima unaopita kwenye kilele, uendelee kushuka mpaka ukingo wa chini wa hilo duara. Mistari hii miwili inakatana katikati ya mlango. Popote mistari miwili inapokatana ndani ya duara, ukizidisha vipande viwili vya mmoja unapata jibu lile lile la vipande viwili vya mwingine. Jambo hili limo katika Euklidi, kitabu cha 3, pendekezo la 35, na sababu yake ni fupi: unganisha ncha za mistari hiyo, utapata pembetatu mbili zenye pembe zilezile, moja imekuzwa tu.

Kwako mlalo umegawanyika 120 na 120. Zidisha: 14,400. Wima juu una 40. Gawa 14,400 kwa 40, unapata 360. Hicho ndicho kipande cha wima kilichojificha chini. Jumlisha 40 na 360, mduara una kipenyo cha 400. Kamba ni sentimita 200, na msumari unakaa sentimita 160 chini ya mstari wa kona, katikati kabisa.

Kamba na Msumari
200 kamili? Hapo nimekaa kimya.

Mzee wa Grainda
Mwalimu yuko sawa, na nondo ya sentimita 50 ni rahisi tu. Hapo mlalo unagawanyika 70 upande mmoja na 170 upande wa pili. 70 × 170 = 11,900. Gawa kwa 360 ile ya chini: 33.06. Kata nondo 33.06, maliza. Za kando fanya vilevile, kila mara gawa kwa 360.

Mwl. Ngazi Saba
Mzee, 11,900 ni sahihi. 360 ndiyo siyo. Hiyo ni kipande cha chini cha mstari wa katikati tu. Ukisogea pembeni, wima wako unafika ukingo wa chini mapema zaidi, kwa hiyo kipande cha chini kinafupika.

Kinafupika kiasi gani? Kitovu cha duara kiko 160 chini ya mstari wa kona, na duara halina tofauti juu na chini ya kitovu. Kwa hiyo popote utakaposimamisha nondo, kipande cha chini ni urefu wa nondo yenyewe ukijumlisha 160 mara mbili, yaani nondo + 320. Angalia katikati: 40 + 320 = 360. Ndiyo maana namba yako ilikubali pale, na pale tu.

Mzee wa Grainda
Sasa nondo ndiyo tunayoitafuta, utaijumlishaje kabla hujaijua? Hapo ndipo hesabu za shule zinaponikera.

Mwl. Ngazi Saba
Swali zuri. Njia ya kipeuo cha pili ipo: mraba wa 200 ni 40,000, toa mraba wa 50 ambao ni 2,500, inabaki 37,500. Kipeuo chake ni 193.65, toa 160, nondo ni 33.65.

Lakini kama una kalkuleta ya duka isiyo na kitufe cha kipeuo, tumia namba yako mwenyewe kama kianzio. Ulipata 33.06. Jumlisha 320, unapata 353.06. Gawa 11,900 kwa hiyo: 33.71. Jumlisha tena 320, gawa tena: 33.64. Rudia mara moja zaidi, namba inatulia kwenye 33.65. Ikiacha kusogea, umefika.

Mzee wa Grainda
Milimita 6 tofauti. Kwa kweli kwangu mimi hiyo inazibwa na moto.

FundiMoro
Mzee, mteja kasema hataki kujaziwa 😄. Nimejaribu nondo ya sentimita 100 kutoka katikati. Vipande ni 20 na 220, nikapata 4,400. Kwa njia ya Mzee ni 12.22. Kwa njia ya mwalimu inatulia kwenye 13.21. Hapo ni karibu sentimita nzima, siwezi kuificha.

Mwl. Ngazi Saba
Umeielewa. Na angalia jinsi kosa linavyokuwa: njia ya Mzee inatoa nondo fupi daima isipokuwa katikati. Kwa tao lililolala sana isingeonekana. Kwa lako linaonekana.

Neema_kidato3
Shikamooni. Samahani naingilia, nina swali linalofanana. Mistari miwili inatoka kwenye nukta P, mmoja unakutana na duara kwanza A halafu B, mwingine C halafu D. PA = 4, AB = 5, PC = 3, nitafute CD. Nimezidisha 4 × 5 = 20, nikagawa kwa 3, nimepata 6.67. Mwenzangu anasema 9. Nani sahihi?

Mwl. Ngazi Saba
Marahaba Neema. Mwenzako. P iko nje ya duara, lako si la nondo ya fundi. Kote kanuni ni moja: pima kutoka mahali mistari inapokutana mpaka ukingo wa duara, mara mbili kwa kila mstari. Kwa fundi, mistari inakutana ndani, basi vipande viwili ndivyo hivyo. Kwako inakutana P, kwa hiyo unahitaji PA na PB, siyo PA na AB. PB ni 4 + 5 = 9. 4 × 9 = 36, gawa kwa 3, PD ni 12. Toa PC, CD ni 9. Ukiona swali limekupa AB badala ya PB, huo ndio mtego wake.

Neema_kidato3
Nimeona sasa. Asante sana mwalimu.

Dada Plasta
Mimi naongea kwa upande wa ujenzi. Fundi, hiyo 40 umepima mpaka wapi? Kama umepima mpaka tofali na plasta bado, grili haitaingia. Na je, una uhakika mwashi alizungusha duara kweli? Wengi huweka kilele kwa macho na kumalizia pembeni kwa mwiko.

FundiMoro
Plasta imeshapigwa dada, nimepima juu yake. Kuhusu duara, sijui. Nitajuaje?

Mwl. Ngazi Saba
Dada amegusa jambo kubwa. Hesabu zote hapo juu zinasimama iwapo tao ni duara. Kwa kipimo: vuta uzi kutoka kona ya kushoto mpaka kilele. Katikati ya uzi, pima umbali mpaka kwenye tao, ukishika rula wima kwa uzi, si wima kwa sakafu. Fanya hivyo upande wa kulia pia.

Kwa duara lako la sentimita 200, uzi huo una urefu wa karibu 126.5, na umbali unatakiwa uwe 10.26. Ni kanuni ileile: nusu ya uzi ikizidishwa na nusu ya uzi ni 4,000, na 10.26 × 389.74 inakupa karibu hiyo hiyo. Pande zote mbili zikisoma karibu na 10.3, songa mbele.

Na kile kimo cha 40 kipime mara mbili. Kikiwa 39 badala ya 40, nusu kipenyo kinaruka kutoka 200 hadi karibu 204. Tao lililolala zaidi ni baya zaidi: kwa upana huohuo, kimo cha 5 kinatoa karibu mita 14.4, cha 4 kinatoa mita 18. Sentimita moja imekuhamisha zaidi ya mita tatu.

FundiMoro
Nimerudi saiti. Kimo ni 40, nimepima na tepu mbili tofauti. Kushoto uzi unasoma 10.3. Kulia unasoma 11.4.

Dada Plasta
Nilijua.

Kamba na Msumari
Sasa unaona? Pima nondo moja moja ukutani, achana na 200.

Mwl. Ngazi Saba
Usiache bado, fundi. Kushoto ni duara, kata kwa hesabu. Kulia tao limepanda zaidi ya linavyotakiwa. Simamisha fimbo kwenye sentimita 50 na 100 kutoka katikati, upande wa kulia, upime. Kama 100 inasoma 13.2 na 50 imepita 33.65, basi plasta imekwanguliwa hapo katikati tu, na mwashi anaweza kuijaza. Kama zote mbili zimepita, upande huo wote si duara, na hapo namuunga mkono Kamba na Msumari kwa upande mmoja.

Mzee wa Grainda
Na kumbuka bomba la fremu likikunjwa kwa mkono linarudi kidogo ukiliachia. Hiyo 200 ya kamba na 200 ya bomba baridi si kitu kimoja. Mimi hukunja zaidi kidogo, ila kiasi gani, kila bomba na tabia yake.

FundiMoro
50 inasoma 34.9. 100 inasoma 13.3. Nampigia mwashi.