Ushauri: Naongoza kikao cha kazini, mmoja anaongea mpaka muda unaisha na wengine kimya

Mwandani (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi. Nimekabidhiwa kuongoza kikao cha kila wiki cha kitengo chetu. Tuko watu 9, muda ni saa moja, ajenda huwa 4 au 5.

Yupo mwenzetu mmoja mkongwe, kanizidi umri kwa mbali, na kazi anaijua hasa. Nikitaja ajenda tu, yeye ndiye wa kwanza. Anaanza vizuri, anaingia kwenye historia ya kitengo, anarukia ajenda ya tatu, na akija kunyamaza dakika 15 zimekwenda. Kuna watatu hawafungui mdomo kabisa, ila tukishatoka nje ndipo nasikia maoni yao kwenye korido, tena maoni mazuri. Ajenda za chini tunazisogeza wiki ijayo, na wiki ijayo ni yale yale.

Kikao kinachofuata kina jambo zito: makabidhiano ya zamu. Taarifa zinapotea kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni, na tunatakiwa tutoke na uamuzi. Sitaki kumvunjia heshima mzee wetu, ila sitaki pia aamue peke yake. Naomba mnisaidie maneno yenyewe ya kusema pale mezani. Nadharia nimeshasoma za kutosha.

SaaMkononi

Mkuu, dawa ni saa. Kila mtu dakika 2, weka simu mezani ilie. Ikilia, kimya, hata awe nani. Watu 9 ni dakika 18, ajenda imekwisha mnahamia nyingine. Haki sawa kwa wote.

NidhamuKwanza

Huyo anahujumu kazi. Mwandikie mkuu wa idara, apewe onyo la maandishi, akirudia aondolewe kwenye kikao. Mnabembelezana sana siku hizi.

Mwandani

Ndugu NidhamuKwanza, sijaomba namna ya kumwadhibu. Mchango wake tunauhitaji, yeye ndiye aliyeona daftari la makabidhiano la kwanza likifa. Shida yangu ni kuuingiza mchango wake bila kuwafungia wengine mlango.

BiMratibu

Mwandani, umeliweka vizuri, kwa hiyo nitakujibu kwa ajenda yako hiyo hiyo. Vikao vya wafanyakazi ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kwanza angalia ulivyoiandika ajenda. "Makabidhiano ya zamu" ni uwanja mpana, mtu akisimulia mambo ya zamani bado yuko ndani ya mada, na wewe huna pa kumshikia. Iandike kama swali: "Zamu inayotoka iandike nini kwenye daftari, na nani asaini?" Liweke ubaoni kwa herufi kubwa kabla watu hawajaketi. Mtu akitoka nje ya mada, mkono wako unaelekea kwenye swali, hauelekei kwake. Hapo hakuna aliyefedheheka.

Ukishalisoma swali, wape dakika 2 za kimya kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi. Usiruke hatua hii. Wale watatu wako wa korido huenda si waoga, wanafikiri taratibu tu, na mzee akishaanza wanaanza kuyajibu mawazo yake badala ya kutoa yao. Baada ya kimya, zungusha nafasi: kila mtu mara moja, na hakuna kusema mara ya pili kabla mzunguko haujaisha. Asiye tayari apite, utamrudia mwishoni. Mzee muweke katikati, wa 5 au wa 6. Akiwa wa kwanza, wote watamfuata. Akiwa wa mwisho, neno lake litasikika kama hitimisho.

Mzunguko ukiisha, fungua mjadala kwa foleni ya kutamka: "Nimeona mikono mitatu, ataanza fulani, kisha fulani, kisha fulani." Mtu akijua jina lake limeshatajwa anatulia na kusikiliza. Ila tangaza mapema kwamba ambaye hajasema atatangulizwa mbele ya aliyekwisha kusema. Ukiifanya bila kuitangaza, utaambiwa unapendelea.

Sasa maneno uliyoomba. Mzee akianza kutoka nje, subiri amalize sentensi au avute pumzi. Inamisha mwili mbele kidogo, inua kalamu, kisha: "Mzee, naomba nikusimamishe hapo nisije nikaipoteza hoja yako. Nimesikia mambo mawili. La kwanza, daftari la mwanzo lilikufa kwa sababu halikuwa linasainiwa. La pili, zamu ya jioni inafika wa asubuhi wameshaondoka. Nimekuelewa sawasawa?" Mwache akujibu. Andika ubaoni kwa maneno yake. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, usiseme "asante" ukanyamaza, maana ukimya huo ataujaza yeye. Geuza macho na mabega kwa mwingine papo hapo: "Hili la pili linawagusa watu wa jioni. Ninyi mnalionaje?"

Akileta jambo zuri lisilohusu swali, andika kwenye karatasi ya pembeni, mbele ya macho yake, chini ya kichwa "Ya baadaye". Kisha acha dakika 5 za mwisho kuyapitia: kila moja lipate mtu na tarehe, au lifutwe kwa sauti. Karatasi hiyo isipofunguliwa vikao viwili mfululizo, hakuna atakayeiamini tena, na mzee atagoma kuachia hoja yake. Atakuwa na haki.

SaaMkononi, saa ni ya ajenda, si ya mtu. Sema mwanzoni, "Swali hili lina dakika 25," na ukumbushe zikibaki 5. Lakini ukimpa kila mtu dakika 2, mwenye sentensi moja ataivuta zijae, na aliyeshuhudia tukio lenyewe atakatwa katikati. Dakika sawa si lazima ziwe haki sawa.

SaaMkononi

Nimekupata bibie kwenye simu kulia mezani. Ila bila kikomo, mzunguko wenyewe utakula nusu saa. Nimeshaona.

BiMratibu

Kweli kabisa. Ndiyo maana kwenye mzunguko unaomba jambo moja tu kutoka kwenye karatasi: "Tusomee lile ulilolipa uzito zaidi." Mtu akianza la pili unamwambia, "La pili tutalirudia kwenye mjadala." Kikomo kipo, ila kinafungwa kwa hoja.

MkongweWaStoo

Nami niseme, maana katika kazi yetu mimi ndiye huyo mzee. Narudia neno mara tatu kwa sababu nikilisema mara ya kwanza naona watu wanaangalia simu na katibu haandiki. Nitajuaje kama limefika? Siku mwenyekiti mmoja alipoandika maneno yangu ubaoni, niliona halina haja ya kurudiwa. Lakini kijana, angalia: ukichukua maelezo yangu ya dakika 5 ukayafanya maneno manne ya kwako, naanza upya. Na ukinifuata faragha kabla ya kikao ukaniomba jambo mahususi nije nalo, utanikuta nimejiandaa, na aliyejiandaa husema kwa ufupi.

Tausi

Sisi vikao vyetu ni vya mtandaoni, kila mtu nyumbani kwake. Mzunguko wa viti haupo, kwa hiyo kiongozi wetu anaandika orodha ya majina kwenye ujumbe mwanzoni na anataja wawili kila mara: "Sasa Tausi, ajiandae fulani." Bila hivyo tunaongea wawili kwa mpigo, kisha wote tunanyamaza.

Ila nina neno kuhusu wakimya, maana mimi ni mmoja wao. Kuitwa ghafla, "na wewe unasemaje?" huku macho yote yakikugeukia, kunanifuta kichwa. Nasema lolote ili yapite. Niambie jana yake kwamba utaniuliza.

Mwandani

Narudi na majibu. Kikao tumefanya.

Mzee nilimfuata siku moja kabla, kama alivyosema MkongweWaStoo. Nilimwomba aje na orodha ya taarifa zilizopotea anazozikumbuka. Alikuja na karatasi na akaisoma. Nafasi yake nilimpa ya 6.

Kilichonishangaza ni ule muhtasari wa sauti. Nilisema, "Mzee anasema daftari lilikufa kwa sababu watu hawakusaini." Akanisahihisha: "Hapana. Nasema hakuna aliyeambiwa ni kazi yake kusaini." Nilidhani ni tofauti ndogo, lakini ikageuza mjadala wote. Tulikuwa tunaelekea kuweka adhabu kwa asiyesaini, tukaishia kutaja mhusika: kiongozi wa zamu inayoingia ndiye anayesaini, kabla wa zamu inayotoka hajaondoka. Yanayoandikwa ni matatu: kazi iliyokwama, kifaa kibovu, na ahadi aliyopewa mteja. Tunajaribu wiki 2.

Alitoka nje ya mada mara mbili, mambo ya ratiba ya likizo. Niliandika kwenye karatasi ya "Ya baadaye" na alikubali, ingawa mara ya pili alikunja uso. Tuliipitia mwishoni, likizo imepata mtu wa kuishughulikia.

Kimebaki kitu kimoja. Wawili kati ya wale watatu, nafasi yao ya kusema ilipofika, walisema tu, "Nakubaliana na waliotangulia." Baada ya kikao, mmoja akaniambia zamu ya jioni huwa inaingia kwa kupishana, kwa hiyo kiongozi anaweza kuwa hajafika wakati wa kusaini. Hilo lilitakiwa lisemwe mezani.

BiMratibu

Huo muhtasari ulivyosahihishwa ndio kazi yake hasa, usiogope kukosolewa mbele za watu. Kuhusu hao wawili, waliulizwa swali lililokwisha kujibiwa na wenzao kabla yao. Wakati mwingine waanze wao. Au kabla ya kufunga uamuzi zungusha swali jingine: "Tukianza kesho, ni wapi patavunjika kwanza?" Hapo "nakubaliana" haiwezi kuwa jibu. Na lile la kupishana lirudishe kikaoni, ukimwomba aliyekuambia aliseme mwenyewe. Usilimalizie korido, utakuwa umefungua kikao cha pili huko.

Tausi

Hapo nakupinga kidogo dada. Wapo watu ambao kweli wanakubali, hawana la ziada, na kuwazungushia swali ni kuwalazimisha wabuni kasoro. Mimi ningeacha karatasi zile za dakika 2 zikusanywe, kiongozi asome zote kwa sauti bila majina kabla ya uamuzi. La kupishana lingeonekana.

MkongweWaStoo

Bila majina sikubali. Hoja isiyo na mwenyewe nitaiuliza swali gani, na nani atanijibu?

Tausi

Mzee wangu, ukiiuliza kwa upole, mwenyewe atajitokeza. Ukiiuliza kwa ukali, hatajitokeza hata ukiwa na jina lake.