Tupeane uzoefu: umetumiwa foto ya ratiba ya bisi na swali moja tu, "nitoke saa ngapi?"

Mama wa Vitenge (Goma, Himbi)
Ba ndugu salama. Nataka tupeane uzoefu juu ya hizi foto za ratiba. Mimi njo mwenye kuvuka barieri kila Jumatano kwenda Kigali kutafuta vitenge, kwa hiyo watu wa familia wakiwa na safari wananiuliza mimi. Mdogo wangu mwezi uliopita alipita Gisenyi siku ya Ijumaa, akapiga foto ubao wa ajansi moja, akanitumia ku watsapu na maneno haya tu: "Yaya, kesho nitoke saa ngapi?" Nilijua kuna doti ya rafiki yake Kigali, lakini saa ya doti sikuuliza. Nikaangalia foto, nikaona 8h30, nikajua barieri inachukua muda gani, nikamwambia toka nyumbani 6h45. Akatoka 6h45 kama nilivyomwambia, akafika ajansi mbele ya 8h00, na pale akakuta watu wamekaa juu ya mabegi, bisi zimefungwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya Rwanda yenye inasimamisha bisi. Wakatoka 11h30, akateremka Nyabugogo 15h30, ku doti akafika 16h15 wakati wazee wameshamaliza kusema. Ilikuwa ianze 14h. Alikuwa amevaa ile suti tangu asubuhi.

Niliumia kweli, sababu yeye alifanya kila kitu nilichomwambia. Mwenye ilimupata leteni yenu.

Kijana wa Katindo
Pole sana yaya. Mimi nafanyaga hivi, natoa tu saa ine kutoka ile saa unataka kufika, basi. Halafu usisahau Rwanda iko mbele yetu saa moja, hiyo njo inaangushaga watu wengi.

Konvwayeri wa zamani
Kutoa saa ine ni mwanzo mzuri, lakini ile ya saa moja hapana. Goma na Kigali ni saa moja ile ile. Mwenye iko mbele yetu ni Kampala, na mwenye iko nyuma yetu ni Kinshasa. Kama simu yako imejiweka saa ya Kinshasa, njo utaona Rwanda iko mbele, ila kosa ni la simu.

Mama wa Vitenge, nilifanya ile njia miaka mingi, acha nikuonyeshe namna ya kuhesabu. Usianzie juu ya foto, anzia ku doti. Doti ni 14h, tuseme ni upande wa Kimironko. Kutoka Nyabugogo mpaka kule umuwekee dakika 45, na kidogo ya kujipanga, kwa hiyo anapashwa kuwa Nyabugogo 13h. Gisenyi mpaka Nyabugogo bisi inakula saa tatu na nusu, ine ukiweka Musanze na pale Nyirangarama watu wanashuka kula. Toa ine, unapata 9h. Sasa njo unaingia ku foto kutafuta bisi ya mwisho yenye inatoka mbele ya 9h, unakuta ile ya 8h30. Ku ajansi wanataka ufike nusu saa mbele, ni 8h00. Moto kutoka barieri dakika 10, foleni ya barieri tuseme dakika 45, na kutoka Himbi mpaka barieri dakika 20. Unaangukia 6h45. Hesabu yako ilikuwa sawa kabisa yaya. Ilikuwa sawa kwa Jumamosi ingine yoyote.

Mama wa Vitenge (Goma, Himbi)
Nimesoma hii mara mbili. Mimi safari zangu zote ni Jumatano, ile siku hakuna kitu kinasimamisha bisi, kwa hiyo hata neno Jumamosi halikunipita ku kichwa. Na kitu kingine, kisha ile siku nilifungua tena foto nikaivuta iwe kubwa. Pembeni ya 8h30 kulikuwa nyota ndogo. Nikashuka chini kutafuta ile nyota inasema nini, na pale chini kulikuwa kidole chake cha gumba. Alikuwa ameshika karatasi isipeperuke na upepo, kidole kikafunika ule mstari wote, kunaonekana tu mwisho: "...11h".

Konvwayeri wa zamani
Ule mstari ungekwambia yote. Umuganda ni kuanzia 8h mpaka 11h, ile Jumamosi ya mwisho. Ajansi nyingi hawaandiki ratiba ingine ya siku ile, wanaweka nyota na mstari wa herufi ndogo. Mimi mtu akinitumia foto yenye haionyeshi chini ya karatasi, namrudisha aipige tena. Na uangalie pia juu: ile ubao mara mingi iko na mistari miwili, kushoto Gisenyi–Kigali, kulia Kigali–Gisenyi. Foto ikikatwa juu hujui unasoma kwenda ao kurudi.

Papa Trois
Bei ni ngapi sasa mpaka Kigali? Naona munaongea mingi lakini hakuna mwenye anataja bei.

Mwana Likasi
Mimi niko Katanga, ya kwetu ni ingine lakini inafanana. Dada yangu wa Lubumbashi alinitumia foto ya bisi ya kwenda Kolwezi, juu imeandikwa 6h30, akasema panda hii. Mimi niko Likasi! Nikaenda kusimama ku barabara 6h30 na mtoto mgongoni, kumbe ile ni saa ya kutoka Lubumbashi, na kutoka kule mpaka kwetu ni kilomita kama 120. Bisi ilipita 8h45, na imejaa, haikusimama hata. Sasa munisaidie, mtu wa kati kati ya njia anasomaga wapi saa yake?

Konvwayeri wa zamani
Mara mingi haiko mama, ubao ni wa mahali bisi inaanzia. Unaongeza mwenyewe muda wa njia, kwako masaa mbili na kitu. Lakini saa hata ukiijua haitoshi, nafasi pia inapashwa. Dada yako angelikata tiketi kule Lubumbashi kwa jina lako, konvwayeri akiwa na jina lako ku liste anasimama Likasi. Bila jina, bisi ikijaa tunapita tu.

Kijana wa Katindo
Sawa nimekubali ya saa. Lakini ile Jumamosi ya umuganda si angepanda tu ya 5h00? Anafika 8h30.

Konvwayeri wa zamani
8h30 umuganda imeshaanza nusu saa. Mimi ile bisi singemwambia mtu. Unaweza kusimamishwa njiani mpaka 11h.

Mwanafunzi wa Kigali
Mimi nimeshapanda ya asubuhi sana siku ya umuganda mara mbili, tukaingia bila shida, dereva alikimbia tu.

Konvwayeri wa zamani
Ulikuwa na bahati ya dereva. Na uliwaza mtu wa Himbi atavuka barieri saa ngapi ya usiku ili awe ku ajansi 4h30? Kwa doti ya 14h ile siku, ni kuvuka Ijumaa na kulala Kigali.

Mwanafunzi wa Kigali
Kulala inaomba pesa na mahali. Mimi ningejaribu.

Mama wa Vitenge (Goma, Himbi)
Mdogo wangu hakuwa na mahali pa kulala kule, kwa hiyo hata sijui ningemwambia nini. Ila tangu ile siku, foto ikiingia, mbele ya kuifungua narudisha maulizo: unataka uwe wapi, saa ngapi, unapandia wapi, na ni tarehe ngapi. Natakaga tarehe, sababu mtu akikwambia "Jumamosi" hujui ni ile ya mwisho. Jana shangazi alinitumia ratiba ya Kamembe–Kigali, nikamuuliza hivyo, akajibu: "tarehe 15, nataka kuwa Nyabugogo 17h, lakini ninapandia Bukavu." Bukavu haiko hata ku foto. Mwenye anapitaga Ruzizi asubuhi aniambie foleni ya pale inachukua muda gani siku hizi, nataka nimuhesabie leo.