Risiti hazifiki wingu kila umeme ukirudi: depo ya dawa, Lubumbashi

Yaya_Katuba:
Jambo yenu ndugu. Ninatunza kompyuta za depo ya dawa hapa Lubumbashi. Tawi letu la Katuba lina seva ndogo, Raspberry Pi 4 yenye PostgreSQL, ili wauzaji waendelee hata intaneti ikikatika. Kila dakika 5 programu hupeleka mauzo mapya kwenye wingu, na ofisi kuu huyasoma huko. Umeme hukatika karibu kila siku, na ukisharudi kuna risiti ambazo hazifiki wingu hata wiki ikipita. Juzi wingu lilionyesha katoni 40 za parasetamoli. Nilipokwenda rafuni nikahesabu 28. Risiti za hizo 12 zimo ndani ya seva ya tawi, nimeziona. Hakuna kosa lolote lililoandikwa. Nianzie wapi?

Papa Onduleri:
Seva yako inazimika ghafla, dada. Weka betri ya akiba iliyo kubwa, iizime kwa utaratibu chaji ikikaribia kwisha. Shida itaisha.

Fundi_Likasi:
Kwangu kadi ya SD ndiyo ilikufa. Umeme ulikatika mara tatu siku moja, hifadhidata ikakataa kufunguka kabisa. Hamisha data kwenye SSD upesi.

Yaya_Katuba:
Asanti, ila yangu inafunguka vizuri, na SSD ninayo. Betri nayo ninayo, inakaa dakika 40 hivi. Umeme ukikatika, hukosekana saa 3, saa 6.

Mzee wa Kampemba:
Mama, kwanza tuambie: programu inajuaje kwamba risiti ni mpya? Na zinazopotea ni zipi hasa, za wakati wowote au zile za mwanzo baada ya umeme kurudi?

Yaya_Katuba:
Za mwanzo! Sikuwa nimelitazama hivyo. Programu huuliza hivi:

```sql
SELECT * FROM mauzo WHERE updated_at > :mwisho;
```

Mzee wa Kampemba:
Basi ni saa ya seva inayokudanganya. Pi 4 haina saa yenye betri yake. Ikizimika, saa inasimama. Ikiwaka bila intaneti, inashika wakati wa mwisho uliohifadhiwa kwenye diski, na huo unaweza kuwa wa nyuma kuliko hata dakika umeme ulipokatika.

Tuchukue mfano. Ulituma mara ya mwisho 13:45, umeme ukakatika 13:50. Wakati uliohifadhiwa ni wa 13:17. Umeme unarudi 16:05, lakini intaneti inachelewa hadi 16:25. Katika dakika hizo 20 mnauza, na seva inaandika risiti za 13:17 hadi 13:37. Intaneti ikirudi saa inarekebishwa, programu inatafuta yaliyo baada ya 13:45, inaziruka zote. Haitazirudia tena, na kwake hakuna kosa lililotokea. Ndiyo maana husomi kosa popote. Tafuta risiti mlizoandika baada ya umeme kurudi, lakini saa yake ni ya kabla haujakatika.

Yaya_Katuba:
Nimetazama. Risiti ya parasetamoli imeandikwa 13:21, kabla umeme haujakatika, na kumbe tuliiuza umeme ulipokwisha kurudi. Mungu wangu.

Mzee wa Kampemba:
Papa Onduleri hakukosea kabisa, kuzima kwa utaratibu kunalinda data. Ila umeme ukikosekana saa 6, saa ya seva itasimama tu. Nunua saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya kidonge, uichomeke kwenye pini za Pi, kisha ongeza mstari huu kwenye `config.txt`:

```
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
```

Ipime hivi: chomoa waya wa intaneti, zima dakika 10, washa, andika `date`.

Lakini usitegemee saa hata hivyo, betri ya kidonge nayo huisha. Acha kuuliza wakati, uliza kama imetumwa:

```sql
ALTER TABLE mauzo ADD COLUMN imetumwa boolean NOT NULL DEFAULT false;
```

Igeuze `true` pale tu wingu linapojibu kwamba limepokea, na risiti ikirekebishwa irudishe `false`. Upande wa wingu, ufunguo uwe tawi pamoja na namba ya risiti, na utumie `ON CONFLICT DO UPDATE`, ili risiti ikitumwa mara mbili isihesabiwe mara mbili. Risiti zako zote za zamani zitaanza na `false`, kwa hiyo zitatumwa upya na zile zilizopotea zitaingia humohumo. Tuma 200 kwa mara moja, usiulemee mtandao.

Fundi_Likasi:
Je, muuzaji akirekebisha risiti wakati ileile inatumwa? Utaiwekea `true` huku wingu lina ile ya zamani.

Mzee wa Kampemba:
Umeona vema. Weka namba ya toleo inayopanda kila rekebisho, na uweke `true` ikiwa toleo bado ni lile ulilotuma.

Yaya_Katuba:
Nimejaribu kwa risiti za wiki moja, na parasetamoli sasa ni 28 kote. Kuna jambo limebaki: ofisi kuu nayo hurekebisha bei kwenye wingu, wakati tawi limekatika. Nani ashinde?

Mzee wa Kampemba:
Kwangu bei ingekuwa ya ofisi kuu peke yake, tawi liisome tu.

Papa Onduleri:
Sikubali. Dawa ikikaribia kuisha muda, tawi lazima lishushe bei siku hiyohiyo.

Yaya_Katuba:
Hapo ndipo wakubwa wangu wanapobishana. Nitawauliza Jumatatu, nirudi.