Mrejesho: Pipi 10 kwa watoto 4

Swali langu lilikuwa: “Pipi 10 zinazofanana zinaweza kugawiwa watoto 4 kwa njia ngapi, ikiwa kila mtoto lazima apate angalau moja?”

Nawashukuru wote mlionielekeza kwenye nyota na vijiti, kwani sasa jibu ni 84 na sababu yake naiona wazi. Pipi zikipangwa mstari mmoja kama nyota 10, kuna nafasi 9 katikati yake, na vijiti 3 vinatosha kuukata mstari huo katika mafungu 4, la kwanza likiwa la mtoto wa kwanza, na kuendelea hivyo. Kwa kuwa hakuna nafasi inayopokea vijiti viwili, na hakuna kijiti kinachowekwa mwanzoni au mwishoni, hakuna fungu linaloweza kubaki tupu. Kuchagua nafasi 3 kati ya 9 ni (9×8×7)÷(3×2×1) = 84; tunagawanya kwa 6 kwa sababu vijiti navyo vinafanana.

Atakayepata 286 ameruhusu mtoto kukosa kabisa, maana hiyo ni hesabu ya kuchagua 3 kati ya 13.

Nilihakiki pia kwa kuorodhesha mafungu bila kujali nani anapata lipi, nayo ni 9 tu: 7111, 6211, 5311, 5221, 4411, 4321, 4222, 3331 na 3322. Tukiwatofautisha watoto, yanatoa migawanyo 4+12+12+12+6+24+4+4+6, yaani 84 kamili.