Uzi mrefu wa imeili za paa: nifute nukuu, niprinti nisome, au nijaze jedwali?

Kijana_Maweni
Hamjambo wanajamvi. Mwenye nyumba anafika Alhamisi na anataka karatasi moja tu, yapi yamekatwa shauri na yapi bado. Mimi ndiye namsimamia nyumba yake hapa Malindi. Mazungumzo ya paa yamekwenda kwa imeili tangu kabla ya Ramadhani, nimeyapesti yote kwenye Wod na sasa sioni mbele, ndani ya imeili mna imeili na ndani yake mna nyengine, na kila mtu ana sahihi yake na nembo na lile onyo refu la siri za ofisi. Nafikiria nifute nukuu zote nibaki na maneno mapya, au niprinti nipige rangi kwa kalamu, au nikae nijaze jedwali imeili moja moja. Ipi inafaa?

fundi_tarakilishi
Futa tu kaka, usijipe kazi. Weka kwenye faili la maandishi matupu, halafu:

```
grep -v '^[[:space:]]*>' uzi.txt
```

Mistari yote yenye alama ya nukuu inaondoka, unabaki na maneno mapya. Dakika mbili umemaliza.

Bi_Langoni
Usifute kitu kwanza mwanangu. Hujatwambia yale ya maana. Imeili zenyewe unazo bado au una hiyo kopi tu? Nani mwenye kauli ya mwisho juu ya pesa? Na kuna mtu anayejibu katikati ya maneno ya mwenziwe?

Kijana_Maweni
Shikamoo Bi. Mwenye nyumba yuko Italia, dadake pia anajibu, halafu kuna fundi wa paa na wakala. Pesa ni za mwenye nyumba peke yake. Imeili za mwanzo nilifowadiwa zote ndani ya imeili moja, asili sina, za karibuni ninazo. Na ndiyo, mwenye nyumba hujibu humohumo ndani kwa rangi nyekundu, ila nilipopesti rangi zote zikapotea.

Na @fundi_tarakilishi nimejaribu hiyo amri, imebakisha karibu kila kitu.

Bi_Langoni
Marahaba. Lazima ibakishe. Autluku haiweki ile alama mbele ya mstari, inaweka kichwa tu kisha maneno ya zamani yanafuata kama yalivyo. Na kwa hao Waitaliano kichwa chenyewe hakisemi `From:` na `Sent:`, kinasema `Da:` na `Inviato:`. Aliye kwenye Gmail ya Kitaliano atakuletea `Il giorno` mwanzo na `ha scritto:` mwisho. Tafuta maneno hayo, hapo ndipo imeili moja inapokwisha na nyengine kuanza.

Lakini hata amri ikifanya kazi mimi siitaki, na sababu naijua. Ofisi moja niliyofanya kazi zamani karani alipewa uzi wa kununua injini ya boti, akafuta nukuu zote ili asome haraka. Muuzaji alikuwa ameulizwa maswali matatu mfululizo, kupunguza bei, muda wa kuleta, na kama garantii inafika mpaka Lamu. Akajibu "Sawa, hiyo tumekubali" chini ya swali la pili. Nukuu zilipofutwa likabaki "sawa" peke yake, karani akaandika muuzaji amekubali bei. Pesa ikapangwa, barua ikaandikwa, injini ikafika na ankara ya bei ileile ya kwanza. Watu wakagombana wiki nzima, kila mmoja anashika karatasi ya muhtasari, wala hakuna aliyerudi kufungua imeili yenyewe mpaka mhasibu mmoja mtu mzima alipouliza, hii sawa alikuwa akijibu nini?

Ami_wa_Shela
Mie ningeprinti. Macho yanachoka kwenye simu. Anza karatasi ya mwisho urudi juu, maana imeili ya zamani iko chini.

fundi_tarakilishi
Haya nimekubali nukuu zina kazi. Lakini sahihi na onyo la siri hizo futa, hazina jibu ndani yake.

Bi_Langoni
Hizo futa, ila baada ya kuandika kila mtu ni nani na yuko upande gani, maana mara nyengine cheo cha mtu kimo kwenye sahihi tu. Kijana, tuwekee kipande hapa tukione, majina ya watu toa.

Kijana_Maweni
Hiki ndicho kinanisumbua. Ni jibu la mwenye nyumba kwa fundi:

```
> Tuweke makuti tena au vigae?
> Malipo ya mwanzo nusu, sawa?
Sawa, tuendelee.
```

Siku mbili baadaye kaandika, "Nimefikiria, tutoe theluthi kwanza." Na fundi kwenye imeili yake ya mwisho anasema ataanza baada ya mvua.

Bi_Langoni
Vizuri. "Sawa" iko chini ya swali la malipo, kwa hiyo nusu ilikubaliwa siku ile. La makuti au vigae halikujibiwa, hata kama mmelisoma mara kumi kwenye nukuu za watu, ni swali moja lililoulizwa mara moja na liko wazi. Kisha theluthi imefuta nusu. Usiifiche hiyo nusu, andika "theluthi, imechukua nafasi ya nusu", weka tarehe na maneno yake yenyewe. La fundi kuanza baada ya mvua ni pendekezo, maana sioni aliyelijibu.

Sasa nenda kaangalie hiyo ya theluthi ilipelekwa kwa nani. Mstari wa `ha scritto:` hauonyeshi waliotumiwa, fungua imeili yenyewe.

Kijana_Maweni
Subhanallah. Imekuja kwangu na kwa dadake tu. Fundi hayumo.

Bi_Langoni
Basi fundi anangoja nusu. Hilo liandike juu kabisa kwenye yaliyo wazi, nani atamwambia. Na angalia saa pia, ile saa ya juu ya nukuu kwa kawaida ni ya kule aliko aliyejibu. Italia wako nyuma yetu saa mbili, wakati wao wa joto saa moja, na jibu la usiku likivuka siku unaweza kudhani limetangulia swali.

Ami_wa_Shela
Lakini la mvua si limeshakatwa? Fundi kasema, watu wote wamesoma, hakuna aliyekataa. Sisi kwetu mtu akinyamaza ameridhika.

Bi_Langoni
Ami, kwenye posa sawa. Hapa aliyenyamaza huenda hata hakufungua.

Ami_wa_Shela
Mwenye mali akiletewa habari akanyamaza, kakubali. Nimefanya biashara ya mbao kwa mtindo huo na sikushtakiwa.

fundi_tarakilishi
Weka safu tatu kwenye jedwali: yamekatwa, yako wazi, yamesemwa hayajajibiwa. La mvua litie ya tatu, mtu asigombane.

Wa_Mambrui
Samahani nimechelewa, hivi bado mnafikiria makuti? Mie nilitoa nikaweka vigae, nyumba ikawa joto mpaka najuta. Makuti ni moto tu unaotisha, lakini upepo unapita.

Ami_wa_Shela
Vigae na boriti gani? Boriti za zamani hazibebi uzito ule, utafungua paa lote.

Kijana_Maweni
Hilo la boriti hakuna aliyeliuliza kwenye imeili hata mmoja. Nalitia kwenye yaliyo wazi ingawa halimo kwenye uzi?

Bi_Langoni
Litie chini peke yake, andika limetoka kwako. Mwenye nyumba asidhani fundi ndiye aliyelisema.

Wa_Mambrui
Na makuti mazuri siku hizi mnachukua wapi, Gede au huku kwetu?